Andalio la Somo: Silojisimu kwa Mifano ya Sokoni na Shuleni

Somo: Kiswahili, Kidato cha Tatu, Mkondo B
Mada: Insha za hoja
Mada ndogo: Kujenga na kupima silojisimu, yaani hoja ya kauli mbili na hitimisho lake
Muda: dakika 80 (vipindi viwili)
Wanafunzi: 46
Zana: chaki za rangi, kadi 12 za kauli, ng'onda mmoja aliyefungwa kwenye gazeti

Lengo: Mwanafunzi aweze kutunga silojisimu moja iliyo sahihi na kueleza kosa katika nyingine.

Utangulizi (dakika 10)
Andika ubaoni bila maelezo:

Nyanya zote za tenga hili zimetoka Lushoto.
Nyanya hii ni ya tenga hili.
Basi nyanya hii imetoka Lushoto.

Uliza: anayekubali mistari miwili ya kwanza anaweza kuukataa wa tatu? Wakibishana, waache kidogo. Kisha taja majina: kauli tangulizi mbili na hitimisho. Aristotle wa Ugiriki (384–322 KK) atajwe kwa sentensi moja tu.

Kiini cha somo (dakika 40)
Fungua gazeti. Darasa litaziba pua, ndicho tunachokitaka. Andika:

Samaki aliyeoza hunuka.
Samaki huyu ananuka.
Basi samaki huyu ameoza.

Watoto wa Mgandini hapa Tanga watapinga mara moja, maana ng'onda hunuka na bado huliwa. Wabane: kosa liko mstari gani? Wengi watasema wa kwanza. Sivyo, huo ni kweli, na wa pili ni kweli pia. Chora duara kubwa, “wanaonuka”, na ndani yake duara dogo, “waliooza”. Mwite mwanafunzi aweke nukta ya ng'onda. Akiiweka ndani ya kubwa, nje ya dogo, usiongeze neno.

Halafu walete shuleni: viranja wote huvaa tai nyekundu, Asha amevaa tai nyekundu, basi Asha ni kiranja. Wachore wenyewe, wawiliwawili.

Mwisho geuza shilingi: “Wauzaji wote hupunja mizani. Mama Neema ni muuzaji. Basi Mama Neema hupunja.” Hapa umbo halina kosa, kauli ya kwanza ndiyo ya uongo. Wenye wazazi sokoni watalisema hilo kabla yako.

Kazi ya vikundi (dakika 20)
Kila kikundi cha watu wanne au watano kipate kadi moja, kiongeze kauli na hitimisho, kisha kikundi jirani kijaribu kuivunja kwa maduara.

Upimaji (dakika 10)
Kila mmoja aandike daftarini: “Waliofaulu wote walisoma usiku. Juma alisoma usiku. Basi Juma alifaulu.” Sahihi au si sahihi? Kwa nini?

Maoni baada ya kufundisha Mkondo A
Neno “baadhi” liliwachanganya, nimeliondoa kwenye kadi. Ng'onda afunguliwe karibu na dirisha.