Maswali ya wasilisho: shamba halina karatasi, mwenyewe ni nani?

Kwa kundi litakalowasilisha Ijumaa, darasa la jioni, Tanga.

Nawapeni maswali mapema ili msije kunisomea vifungu. Umiliki wa ardhi kwa mila mtauelewa mkiujaribu juu ya shamba moja, wadai wakiwa wamekaa mbele yenu. Shamba ni hili.

Eka sita, kati ya Tanga na Pangani. Upande wa bahari kuna minazi mikongwe, upande wa bara kuna mikorosho iliyokwisha kuanza kuzaa. Mpaka wa kaskazini ni minyaa, wa kusini ni mbuyu. Chini ya mkwaju pana makaburi matano. Hati hakuna, ramani hakuna, na daftari la kijiji la miaka ya sabini lililiwa na mchwa. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa, na shamba ambalo jana halikuwa na mgombea leo lina wanne.

Mzee anasema minazi ilipandwa na babu yake. Mwaka 1974 alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, akarudi katikati ya miaka ya themanini kuangua nazi zake, wala hakuna aliyemzuia. Familia ya pili inasema mwaka 1975 kamati ya kijiji iliwagawia shamba zima, ingawa wamelima upande wa minyaa tu. Wa tatu ni mjane. Marehemu mumewe aliazimwa na mzee kipande cha kulima mihogo mwaka 2003, akapanda mikorosho, na mjane hajaondoka. Wa nne ni mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Ana karatasi ya mauziano ya 2017 yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, na aliyemuuzia ni mtoto wa kiume wa mzee.

1. Kabla ya kumsikiliza mtu yeyote: hii ni ardhi ya jumla, ya kijiji au ya hifadhi? Mtajuaje kama kijiji hakina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Jibuni kwa ufupi, lakini msiruke, kwa sababu mkikosea hapa mtakuwa mmeshika sheria isiyohusika.

2. Mnunuzi ndiye pekee mwenye karatasi. Je, karatasi hiyo inathibitisha nini hasa: kwamba ana haki, au kwamba alitoa fedha? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka uhamisho wa haki ya kimila upitie Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake ni halmashauri? Muulizeni mnunuzi mihtasari ya kikao iko wapi, nani walihudhuria, na kama majirani wa mipaka waliitwa. Kisha mwulizeni mtoto wa mzee swali gumu zaidi: aliuza kitu cha nani, ilhali baba yake yu hai?

3. Hili ndilo swali ninalotaka mlikalie muda mrefu. Kifungu cha 15 cha Sheria hiyo kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 kwa watu waliohamia au kuhamishiwa vijijini, na kufuta haki za walioondolewa kwenye ardhi hiyo. Kwa kusoma tu, familia ya 1975 imeshinda. Lakini ni nini hasa kiligawiwa? Eka sita zote, au upande ule walioulima? Kama daftari limeliwa, nani aliyekuwepo siku ya kugawa? Waiteni wazee waliokuwa kwenye kamati, kila mmoja peke yake, atembee shambani na kuonyesha mpaka kwa mguu wake kabla hajasikia mwenzake alivyoonyesha. Na kwa nini familia hii ilimwacha mzee aangue nazi tangu miaka ya themanini? Waliona ni haki yake, au walimwonea huruma? Tofauti ya majibu hayo mawili ni tofauti ya shamba.

Msisahau walikotoka watu hawa. Amri ya Wajerumani ya 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na mkoa huu ukajaa mashamba ya mkonge. Chini ya Waingereza, marekebisho ya 1928 ya sheria ya ardhi ya 1923 ndiyo yaliyotaja haki ya mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Akonaay, ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Tuelezeni: hukumu hiyo inamsaidia mzee, au Sheria ya 1999 imeshamfungia mlango?

4. Mjane amekaa zaidi ya miaka 12, muda ambao Sheria ya Ukomo inauweka kwa madai ya kurudisha ardhi. Je, aliyeingia kwa kuazimwa anaweza kuihesabu miaka hiyo dhidi ya aliyemwazima? Nitawabana hapa, maana makundi mengi hukimbilia namba 12 bila kuuliza mtu aliingiaje.

5. Hata hivyo mikorosho ipo. Pwani yetu, mtu aliyeazimwa shamba hulima mihogo, mahindi na kunde. Kupanda mti wa kudumu ni kutangaza umiliki, na mwenye shamba makini hung'oa mche mapema. Mzee aliiona miche. Kwa nini alinyamaza? Je, aweza kupatikana mwenye ardhi na mwenye miti wakiwa watu wawili? Kama mjane ataondoka, korosho ni za nani, na fidia italipwa na nani?

6. Mzee ana mabinti wawili mjini Tanga ambao hakuna aliyewataja. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki, matumizi au kuifikia ardhi. Mtawaita? Na mirathi itafuata nini: sheria ya Kiislamu, au ukoo wa mama kama walivyokuwa wakifanya baadhi ya Wazigua?

7. Makaburi matano, minazi, mbuyu. Kipi kati ya hivyo kinathibitisha umiliki, na kipi kinathibitisha tu kwamba watu waliwahi kuishi hapo? Mnazi hausemi ulipandwa na nani.

8. Shahidi mmoja ni jirani wa kusini, na anakumbuka kila kitu. Ana faida gani mpaka ukisogea kutoka kwenye mbuyu?

9. Mtaanzia wapi? Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, linapatanisha, haliamui. Semeni mzee aende wapi kwanza na abebe nini mkononi, kwa sababu huyo mzee hana nauli ya kurudi mara nne.

10. Haki ya kimila, kwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ina hadhi sawa na ile ya kupewa na Serikali. Basi mtu ambaye hajawahi kuomba hati ya hakimiliki ya kimila amepoteza nini? Jibuni mkimtazama mjane, si mnunuzi.

Mtakapomaliza, kila mmoja wenu ataandika, eka moja moja hadi sita ziishe, jina la mdai ambaye angempa eka hiyo, na sababu yake. Mnaruhusiwa kutofautiana. Hamruhusiwi kuandika kwamba ushahidi hautoshi, kwa kuwa mvua za masika zinakuja na mmoja wao lazima alime.