YAH: OMBI LA DHAMANA YA ZABUNI YA SHILINGI 24,000,000

Meneja wa Tawi,
28 Julai 2025

Ndugu Meneja,

Tunaomba benki itutolee dhamana ya zabuni ya Shilingi 24,000,000 (milioni ishirini na nne tu). Mnufaika ni Mamlaka ya Maji, iliyotangaza zabuni Na. MM/2025/017 ya kulaza mabomba ya kilomita 6.

Zabuni itafunguliwa 14 Agosti 2025, saa 4:00 asubuhi, nayo itadumu siku 120, yaani hadi 12 Desemba. Mnufaika anataka dhamana ivuke hapo kwa siku 28. Kwa hiyo tarehe ya mwisho isomeke 9 Januari 2026. Tafadhali msiishie Desemba: mwaka jana benki nyingine ilitupunguzia siku mbili tu, bahasha yetu ikawekwa kando kabla bei haijasomwa.

Maneno yafuate kielelezo cha mnufaika tulichoambatisha, neno kwa neno, hasa kifungu cha kulipa mara anapodai kwa maandishi, bila masharti. Jina letu liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha usajili.

Mnaweza kuzuia Shilingi 2,400,000 kwenye akaunti yetu ya hundi kama amana, na kukata kamisheni humohumo. Azimio la bodi na nyaraka za zabuni zimeambatishwa.

Tunahitaji nakala halisi ifikapo 8 Agosti. Rasimu tutumieni kwanza tuihakiki.

Wako mtiifu,
Mkurugenzi Mtendaji
(sahihi na mhuri wa kampuni)