Maneno ya Mwalimu kwa Darasa la Nne: Kifo cha Neema

Wanangu, wekeni kalamu chini, msogee karibu nami.

Nina habari ya huzuni sana. Mwenzetu Neema amefariki jana usiku hospitalini. Alikuwa na malaria kali. Madaktari walimtibu, lakini mwili wake ulizidiwa. Kufariki maana yake moyo umeacha kupiga, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi darasani. Hakulala, wala hakusafiri.

(Nyamaza dakika nzima. Usiharakishe kuujaza ukimya.)

Hakuna kati yenu aliyesababisha. Kama mligombana naye kwenye kuruka kamba, ugomvi hauleti malaria. Juma, kukaa naye dawati moja hakukuambukizi. Malaria huletwa na mbu. Wengi wanaougua hupona wakiwahi matibabu, kwa hiyo ukipata homa mwambie mzazi siku hiyohiyo.

Anayetaka kulia alie. Asiyelia hajakosea. Ulizeni chochote, nisilolijua nitasema sijui.

(Swali moja litarudiwa mara nyingi. Jibu kwa maneno yaleyale.)

Leo hatufanyi hesabu. Chukua karatasi, chora au andika jambo moja unalomkumbukia Neema. Usipotaka, kaa tu nasi. Karatasi zenu tutaziweka kwenye boksi hili, nami nitampelekea mama yake. Nafasi ya Neema kwenye dawati haitaguswa hadi Ijumaa, kisha tutaamua pamoja.

Sasa twendeni chini ya mwembe. Vuta pumzi polepole, itoe polepole, mara tano. Baada ya hapo mnaweza kucheza. Neema naye alipenda kucheza.