Karatasi ya Mazoezi: Kanuni za Gesi (Kanieneo, Ujazo na Jotoridi)

Fizikia, Kidato cha Tatu. Muda: vipindi viwili. Alama: 40. Kikokotoo kinaruhusiwa.

Katika karatasi hii jibu peke yake halina alama. Anayeandika "60 cm³" bila kuonyesha namba alizoziweka kwenye kanuni hupata sifuri hata kama amepatia. Anayeonyesha hatua zote akakosea kuzidisha mwishoni hupoteza alama moja tu. Kila swali la kukokotoa lina alama nne: kuorodhesha ulichopewa, kubadili nyuzi kuwa kelvini (au kuandika kwamba jotoridi halikubadilika), kuweka namba mahali pa herufi, na jibu lenye kipimo chake.

Kwanza, kelvini

T = t + 273

Herufi kubwa T ni jotoridi kwa kelvini, herufi ndogo t ni nyuzi za selsiasi. Namba kamili ni 273.15, lakini hapa 273 inatosha. Kelvini haina alama ya nyuzi: andika 300 K, si 300 °K.

Sababu ya kubadili ni hii. Kanuni za gesi zinalinganisha majotoridi mawili kwa kugawanya, na kugawanya kunataka kipimo kinachoanzia kwenye sifuri ya kweli. Sifuri ya selsiasi ni pale barafu inapoyeyuka tu. Hapo chembe za gesi bado zinakwenda kwa kasi. Sifuri ya kelvini iko −273 °C, chini kabisa. Kwa hiyo 40 °C si joto maradufu ya 20 °C. Ni 313 K dhidi ya 293 K, ongezeko lisilofika asilimia 7.

Kanuni zenyewe

Kiasi cha gesi kisipobadilika (hakuna kinachovuja wala kuongezwa):

Boyle, jotoridi halibadiliki: P₁V₁ = P₂V₂
Charles, kanieneo halibadiliki: V₁/T₁ = V₂/T₂
Kanuni ya kanieneo, ujazo haubadiliki: P₁/T₁ = P₂/T₂
Vyote vitatu vikibadilika: P₁V₁/T₁ = P₂V₂/T₂

Ukisahau tatu za mwanzo, shika ya nne. Kata kile kisichobadilika pande zote mbili, na kanuni unayoitaka itabaki.

Kanieneo na ujazo havihitaji kipimo maalumu, ila pande zote mbili zitumie kipimo kilekile. Ukiweka cm³ kushoto na lita kulia, jibu litakosea mara elfu.

Mfano wa 1: bomba la sindano

Bomba la sindano lina 60 cm³ za hewa kwa kanieneo la 100 kPa. Mdomo umezibwa na kishikio kinasukumwa polepole hadi 24 cm³. Kanieneo ni kiasi gani?

P₁ = 100 kPa, V₁ = 60 cm³, V₂ = 24 cm³, jotoridi halikubadilika.
P₁V₁ = P₂V₂
100 × 60 = P₂ × 24
P₂ = 6000 ÷ 24 = 250 kPa

Neno "polepole" lina kazi. Ukisukuma kwa ghafla hewa hupata joto, kama unavyolisikia kwenye pampu ya baiskeli, na hapo kanuni ya Boyle peke yake haitoshi.

Mfano wa 2: puto ndani ya friji

Puto lina lita 2.40 kwa 27 °C. Linawekwa kwenye friji yenye 2 °C. Chukua kwamba kanieneo halibadiliki.

T₁ = 27 + 273 = 300 K
T₂ = 2 + 273 = 275 K
V₁/T₁ = V₂/T₂
2.40/300 = V₂/275
V₂ = 2.40 × 275 ÷ 300 = 2.20 L

Sasa tazama kinachotokea ukisahau kelvini: 2.40 × 2 ÷ 27 = 0.18 L. Puto la lita mbili na zaidi lingesinyaa likawa dogo kuliko kikombe cha chai, kwa kuwekwa kwenye friji tu. Na kama friji ingekuwa −5 °C, ujazo ungetoka hasi. Jibu la namna hiyo likitokea, usifute kila kitu. Rudi kwenye mstari wa T.

Mfano wa 3: tairi la gari

Hili ndilo linalowaponza wengi, kwa hiyo lisome mara mbili. Asubuhi, Tanga mjini, geji ya fundi inasoma 220 kPa kwenye tairi lenye hewa ya 27 °C. Baada ya safari hewa ya ndani imefika 57 °C. Geji itasoma ngapi? Chukua kwamba tairi halikutanuka na kanieneo la hewa ya nje ni 100 kPa.

Geji haipimi kanieneo lote. Inapima ziada juu ya hewa ya nje, ndiyo maana tairi lililopasuka husoma sifuri ingawa ndani bado kuna hewa. Kanuni za gesi zinataka kanieneo kamili:

P₁ = 220 + 100 = 320 kPa
T₁ = 27 + 273 = 300 K
T₂ = 57 + 273 = 330 K
P₁/T₁ = P₂/T₂
320/300 = P₂/330
P₂ = 320 × 330 ÷ 300 = 352 kPa
Geji itasoma 352 − 100 = 252 kPa

Aliyeweka 220 moja kwa moja angepata 242 kPa. Jibu hilo linafanana na la kweli, na ndiyo hatari yake. Hii pia ndiyo sababu matairi hupimwa yakiwa ya baridi: ukipunguza upepo tairi likiwa la moto, kesho asubuhi litakuwa limelegea.

Mfano wa 4: puto la hali ya hewa

Puto linaachiwa likiwa na 1.5 m³ kwa 101 kPa na 30 °C. Juu angani kanieneo ni 25 kPa na jotoridi ni −43 °C.

T₁ = 30 + 273 = 303 K
T₂ = −43 + 273 = 230 K
101 × 1.5/303 = 25 × V₂/230
V₂ = 101 × 1.5 × 230 ÷ (303 × 25) = 34 845 ÷ 7575 = 4.6 m³

Baridi inalisinyaza, kanieneo dogo linalitanua, na kanieneo limeshinda. Angalia pia −43 + 273: wapo wanaoandika 316 kwa kuruka alama ya kutoa.

Maswali

1. Badili kuwa kelvini: 37 °C, −18 °C, 100 °C. Badili kuwa selsiasi: 77 K. (alama 4)

2. Pampu ya baiskeli ina 180 cm³ za hewa kwa 101 kPa. Tundu limezibwa kwa kidole na hewa inabanwa polepole hadi 45 cm³. Tafuta kanieneo. (4)

3. Mzamiaji yuko mita 20 chini ya bahari, Pemba, ambako kanieneo kamili ni karibu 303 kPa. Anatoa povu la hewa la 6 cm³. Litakuwa na ujazo gani likifika juu, kwenye 101 kPa, jotoridi likiwa lilelile? Eleza kwa sentensi moja kwa nini mzamiaji aliyevuta hewa ya mtungi haruhusiwi kubana pumzi akipanda. (6)

4. Hewa ya 50 cm³ kwa 17 °C imo kwenye bomba lenye kishikio kinachoteleza kwa urahisi. Bomba linatumbukizwa kwenye maji ya 75 °C. Tafuta ujazo mpya. (4)

5. Gesi ina 300 cm³ kwa 27 °C. Ni kwa nyuzi ngapi za selsiasi itafika 360 cm³, kanieneo likiwa lilelile? (4)

6. Kopo la dawa ya mbu limeisha dawa. Limebaki na gesi tu yenye kanieneo kamili la 250 kPa kwa 27 °C. Limetupwa kwenye takataka zinazochomwa na kufika 327 °C. Tafuta kanieneo la ndani kabla halijapasuka. (4)

7. Mtungi wa oksijeni wa hospitali una kanieneo kamili la 12 200 kPa mchana, kwa 32 °C. Usiku, kwa 21 °C, muuguzi anakuta 11 760 kPa ingawa haukutumika. Je, unavuja? Thibitisha kwa hesabu. (4)

8. Puto lina lita 2.0 mjini Moshi (91 kPa, 27 °C). Linapelekwa Kilele cha Uhuru. Chukua 49 kPa na −3 °C. Tafuta ujazo wake. (4)

9. Mwanafunzi ameandika: "400 cm³ kwa 20 °C zikipashwa hadi 40 °C: V₂ = 400 × 40 ÷ 20 = 800 cm³." Onyesha kosa na usahihishe. (4)

10. Mtungi wa gesi ya kupikia hauonyeshi kanieneo linaloshuka kadiri gesi inavyotumika, hadi karibu na mwisho. Kwa nini kanuni hizi hazitumiki kwake? (2)

Majibu

1. 37 + 273 = 310 K; −18 + 273 = 255 K; 100 + 273 = 373 K; 77 − 273 = −196 °C.

2. Jotoridi halikubadilika. 101 × 180 = P₂ × 45; P₂ = 18 180 ÷ 45 = 404 kPa.

3. Jotoridi halikubadilika. 303 × 6 = 101 × V₂; V₂ = 1818 ÷ 101 = 18 cm³. Hewa iliyobanwa mapafuni hutanuka vivyo hivyo na inaweza kuyachana.

4. T₁ = 290 K, T₂ = 348 K. 50/290 = V₂/348; V₂ = 50 × 348 ÷ 290 = 60 cm³.

5. T₁ = 300 K. 300/300 = 360/T₂; T₂ = 360 K; t = 360 − 273 = 87 °C. Aliyeishia kwenye 360 K apunguziwe alama moja, kwa kuwa swali limetaka selsiasi.

6. T₁ = 300 K, T₂ = 600 K. 250/300 = P₂/600; P₂ = 250 × 600 ÷ 300 = 500 kPa. Kanieneo limekuwa maradufu huku bati likilegea kwa moto.

7. T₁ = 305 K, T₂ = 294 K. 12 200/305 = P₂/294; P₂ = 12 200 × 294 ÷ 305 = 11 760 kPa. Hauvuji, ni baridi ya usiku tu. Kama ungesoma chini ya hapo waziwazi, ndipo valvu ikaguliwe.

8. T₁ = 300 K, T₂ = 270 K. 91 × 2.0/300 = 49 × V₂/270; V₂ = 91 × 2.0 × 270 ÷ (300 × 49) = 49 140 ÷ 14 700 = 3.34 L, yaani 3.3 L.

9. Ametumia selsiasi. T₁ = 293 K, T₂ = 313 K. 400/293 = V₂/313; V₂ = 400 × 313 ÷ 293 = 427 cm³.

10. Ndani kuna kimiminika pamoja na mvuke wake. Mvuke ukitoka, kimiminika huvukiza kingine na kujaza nafasi, hivyo kiasi cha gesi hakibaki kilekile. Kanieneo hufuata jotoridi la kimiminika mpaka tone la mwisho liishe.