Andalio la Somo: Matamshi ya Kiingereza, Darasa la Tano

Somo: Kiingereza
Darasa: V B, shule ya msingi, wilaya ya Magu
Wanafunzi: 68 (wasichana 37, wavulana 31)
Muda: Jumanne, saa 2:40 hadi 4:00 asubuhi, vipindi viwili mfululizo
Zana: ubao, chaki za rangi mbili, daftari la kuficha mdomo, vioo vidogo 6, vipande vya karatasi nyepesi
Lengo: mwanafunzi atambue kwa sikio, kisha atamke, irabu za "ship" na "sheep", sauti mbili za "th", na l dhidi ya r.

Andalio liko kwa Kiswahili kwa sababu walimu wenzangu watakaokaa nyuma ya darasa tutalijadili mchana kwenye kikao cha MEWAKA, wakiwemo wa hisabati.

Kusikia kwanza (dakika 20)

Hakuna atakayetamka kitu katika dakika hizi. Anayesikia "ship" na "sheep" kama neno moja atarudia neno moja hata akiimbishwa mpaka kengele ilie.

Nitaandika ubaoni 1: ship, live, fill, bit. 2: sheep, leave, feel, beat. Nitazisoma jozi mara mbili wakiangalia. Kisha wafumbe macho, nami nifiche mdomo kwa daftari. Nikisema neno, kila mmoja anyooshe kidole kimoja au viwili. Macho yakifumbwa, hakuna kuigilizia jirani.

Mpangilio wa kusoma: sheep, ship, ship, leave, fill, feel, live, live, bit, beat. Yamerudiwa makusudi, maana wakishajua kwamba moja hufuatwa na mbili hawasikilizi tena. Kama zaidi ya robo ya darasa wanakosea, narudia zoezi hata l na r ziahirishwe.

Kutamka irabu (dakika 25)

Tumezoea kuwaambia watoto "vuta i" na kuishia hapo. Urefu peke yake hautoshi. I ya Kiswahili iko karibu na ya "sheep", kwa hiyo kazi kubwa ipo kwenye "ship". Waseme i ya Kiswahili, midomo imetanuka, kisha e, halafu warudi polepole kuelekea i na kusimama kabla ya kufika, taya na midomo vikiwa vimelegea. Hapo ndipo "ship" ilipo. Kisukuma kina irabu saba, nacho hutenganisha aina mbili za i, kwa hiyo wanaokisema nyumbani huenda wakawa wepesi kuliko tunavyodhani. Nitawaangalia hao.

Wawili wawili: mmoja aseme "I want to leave" au "I want to live". Akisikia la kwanza, mwenzake ajibu "When?", akisikia la pili, "Where?". Jibu lisipolingana na alichokusudia msemaji, wabishane wenyewe kwanza kabla ya kuniita.

Sauti za "th" (dakika 20)

Tuanze na thelathini na dhahabu. Wengi watasema selasini na zahabu, basi tusahihishe hapohapo kwa Kiswahili. Ncha ya ulimi ionekane kidogo kati ya meno. Vioo vipite kwenye madawati. Kipande cha karatasi mbele ya mdomo kitikisike kwa "think", "three", "thank". Kwa "this", "that", "mother" waguse koo wasikie mtetemo.

Kiswahili kimezipa sauti hizi herufi mbili tofauti, th na dh. Kiingereza huandika zote "th", hivyo tahajia haiwasaidii. Yupo Thomas darasani; lazima atauliza kuhusu jina lake. Jibu: hilo ni t tupu.

L na r (dakika 5)

Tutagusa tu. "Light", ncha inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu; "right", haigusi popote. Wafanye pia kura na kula, ila kwa Kiswahili r hupiga ufizi haraka. Anayemcheka mwenzake aje mbele asome yeye.

Upimaji (dakika 10)

Kila mwanafunzi aandike namba 1 hadi 6 kwenye daftari. Nitasema: sheep, fill, live, think, sink, right. Aandike neno alilosikia. Makosa ya tahajia hayahesabiwi iwapo sauti imeeleweka. Wakati huohuo Mwalimu wa Darasa la Nne aliyeomba kuona somo atawasikiliza wanane, mmoja mmoja, wakisoma "This ship has three sheep", naye aweke alama kwenye sauti iliyokosewa tu.

Waliopata chini ya 4 watakaa na mimi Alhamisi baada ya chai, kwa zoezi la kusikia peke yake.