Gauni la Damu ya Mzee

Kwetu Mbagala nguo ilikuwa haina mwisho. Mama akininunulia gauni leo anajua kabisa miaka ijayo litavaliwa na Rehema, kwa hiyo ya kwangu yote yalianza yakiwa makubwa, mabega yananing'inia, mikono inakunjwa, halafu siku linapokaa vizuri mwilini ndo limeshaanza kupauka. Alikuwa anadamka kwenda Karume mapema kabla wachuuzi hawajachambua zile nzuri, anarudi na mfuko umejaa, na kila nguo anaijua bei aliyoikomboa nayo. Nikikua inafuliwa, inakunjwa, inaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake pamoja na vidonge vya naftalini. Sanduku lile hatukuruhusiwa kuligusa.

Mama hakuwahi kupima mtu kwa futi. Alikuwa anatazama tu. Anainua nguo juu kwa mikono miwili, anafumba jicho moja, anamwangalia Rehema aliyesimama mlangoni, basi kashaamua. Na Rehema kwake alikuwa mdogo. Sio mdogo kwa maana ya mtoto wa pili tu, mdogo kabisa yaani, yule aliyezaliwa kabla ya miezi yake akalala hospitali mpaka mama akajua majina ya manesi wote. Picha hiyo haikumtoka.

Mara ya kwanza alikosea kwa kuwahi. Rehema anaanza darasa la kwanza, mama akatoa sketi yangu ya bluu ya marinda, ya darasa la tatu, na shati jeupe na lile sweta. Sketi ilimfika kwenye vifundo vya miguu, kiuno kimekunjwa mara tatu kikashikwa na pini, mikono ya sweta inaning'inia mpaka vidole havionekani. Mama akasema atakua tu. Siku hiyohiyo pini ikafyatuka kwenye mstari wa asubuhi, sketi ikashuka mbele ya shule nzima, mdogo wangu akarudi nyumbani ameishikilia kwa mikono yote miwili na begi kaliacha darasani. Mama alilia usiku ule, mi nilimsikia. Na nadhani hapo ndo alijiapiza kwamba hatampa tena mtoto nguo kabla haijafika wakati wake, nguo itasubiri sandukuni hata miaka, ili ikitoka imtoshe kweli.

Sasa ndani ya sanduku kulikuwa na gauni moja la mahameli rangi ya damu ya mzee. Hilo halikuwa la Karume, mama alilinunua dukani jipya mwaka aliopokea mchezo, kola ya lesi, zipu mgongoni, mkanda wa kitambaa hichohicho unaofungwa kwa nyuma. Nililivaa Eid mbili tu. Lilipoanza kunibana mama alilifua kwa mkono, akalianika ndani kivulini ili lisipauke, akalifunga kwenye shuka jeupe akaliweka chini kabisa. Kila mwaka Rehema anauliza, mama, gauni la damu ya mzee lini? Mama anamtazama, anafumba jicho. Bado mwanangu, litakumeza.

Na Rehema huku anakua. Amechukua upande wa baba, na baba yetu, dereva wa lori la Tunduma, mlango wa nyumba yetu anauingia ameinama. Kila akirudi safari anasema huyu mtoto mnampa nini, mama anacheka tu. Mimi nimechukua kwa mama, wembamba na ufupi. Miaka tumepishana mitatu, lakini watu wa mtaani walishaanza kuniuliza huyo ni dada yako? Kwa kweli iliniuma kidogo, sikusema kitu.

Basi Eid el Fitr mwaka huo, Rehema ana miaka kumi na moja, mama akalitoa. Usiku wa mwandamo akalifungua lile shuka, akalipiga pasi kwa ndani taratibu juu ya khanga, akasema kesho mwanangu unavaa. Rehema hakulala. Alikuwa anajigeuza kitandani mpaka mimi nikachoka.

Asubuhi baada ya kuoga akaingiza kichwa, mikono ikapita kwa shida, likashuka mpaka kiunoni likakwama. Nikalivuta kwa chini. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikasimama. Mama yuko uani anageuza pilau, anaita, limemkaa? Rehema akanigeukia, akaninong'oneza, dada vuta. Nikamwambia Rere haliingii hili. Akasema vuta dada, nakuomba. Akatoa pumzi zote, akashika ukingo wa kitanda, mi nikapitisha uzi kwenye kitundu cha zipu nikavuta mpaka ikafunga. Akatoka uani anatembea mabega yamesimama, kidevu juu. Mama akamwangalia akaweka mwiko chini, akasema mashallah, si niliwaambia? Tazama lilivyokupata, kama la kushonewa. Rehema akasema limenitosha mama. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyeweza kuvuta hewa, ila mama furaha ilikuwa imemjaa hakusikia.

Tukaenda kwa bibi Temeke, ukoo wote ulikuwepo. Shikamoo kwa kila mtu, mkono wa Eid unatembea, watoto wanahesabu sarafu zao. Mkeka ukatandikwa, sinia la pilau likaja na kachumbari na nyama kubwakubwa, sisi watoto tukalizunguka. Rehema hakukaa. Aliegemea ukuta. Shangazi akamwita njoo ule, akasema nimeshiba. Rehema! Huyu ambaye nyumbani ukoko wa sufuria anaugombania. Mama akaja akamshika paji la uso, akamshika shingo, akasema hana homa, sijui nini, labda kijicho. Shangazi akasema wifi mpe maji ya ndimu. Akapewa maji, akanywa funda moja.

Halafu babu akamwita apokee sarafu zake, moja ikaponyoka ikabingirika chini ya kiti. Rehema akainama.

Mlio wake niliusikia kutoka upande wa pili wa chumba, chraaa, kuanzia kwapani mpaka kwenye nyonga. Binamu zetu wakaangua kicheko. Yeye akabaki palepale ameinama, hakuinuka, mkono mmoja umeziba ubavu na mwingine umeshika ile sarafu. Mama alifika kabla yangu, akavua mtandio wake akamzungushia, wakaingia chumbani kwa bibi, nikawafuata nikafunga mlango.

Zipu ilibidi aikate kwa mkasi. Gauni lilipodondoka tukaona. Ubavuni pote palikuwa na alama nyekundu za mshono, tundu kwa tundu, unaweza kuzihesabu, na chini ya kwapa ngozi imechubuka imetoa majimaji. Mama akapiga magoti. Akapitisha kidole juu ya zile alama bila kuzigusa sawasawa, akarudi tena mwanzo. Muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Rehema akasema, "Ulilitunza kwa ajili yangu."

"Mwanangu."

"Ningesema halitoshi ungelirudisha sandukuni."

Mama akamkumbatia hivyohivyo, na hapo ndo nikaona, maana walikuwa wamesimama sasa, kwamba kichwa cha Rehema kimepita sikio la mama. Nadhani hata mama alikiona wakati huo kwa mara ya kwanza, kwa sababu alimsogeza mbele kidogo akamtazama kuanzia juu mpaka chini, na hakufumba jicho. Shangazi akaleta dera lake moja pana, Rehema akalivaa, akatoka, akakaa kwenye mkeka akala pilau sahani mbili na akaomba nyama ya ziada. Hakuna mtoto aliyethubutu kucheka tena, mama alikuwa amekaa pembeni yake.

Jumatatu tukaenda watatu kwa fundi, yule mzee wa barazani karibu na kituo cha Rangi Tatu. Akalipindua gauni, akavuta miwani. Akasema mama Zuhura, mahameli haifichi kitu, hapa nikifumua na kushona upya matundu ya sindano yanabaki, bora tuweke vipande ubavuni vya satini nyeusi vionekane ni mtindo. Mama akasema weka. Fundi akachukua futi shingoni, akampima Rehema: kifua inchi thelathini na moja. Akapima gauni: ishirini na tisa. Inchi mbili nzima, akasema, mtoto alikuwa anahemea wapi?

Mama akasema mbona nilimwangalia, na lebo imeandikwa kumi na mbili na yeye ana kumi na moja. Fundi akamwambia usiamini namba ya lebo, nguo za nchi hii na nchi ile hazilingani, na hata watoto wa tumbo moja hawalingani. Halafu mama akanisukuma mbele. Mpime na huyu. Kifua thelathini. Akamwambia rudia. Thelathini.

Hakuna aliyesema kitu mpaka fundi alipouliza mkanda afanyeje.

Jioni sanduku likatolewa uvunguni, likafunguliwa, vitu vyote vikamwagwa kitandani. Mama alikuwa amenunua futi yake, ya manjano. Anapima, ananitajia namba, mi naandika kwenye daftari. Zaidi ya nusu zilikuwa zimepitwa. Sketi, blauzi, kikoti kizuri cha jinzi ambacho Rehema alikitamani tangu darasa la pili, vyote vimekaa humo vinanukia naftalini mpaka mwenyewe kavizidi. Mama alikuwa anashika kila kimoja anasema hiki nacho, hiki nacho jamani. Tukafunga mfuko wa watoto wa mama mdogo Tanga, na safari hii aliwapigia simu akawaambia wapimane kwanza. Kisha akachukua viatu vyangu vya shule nilivyokuwa nakaribia kuviacha, akamtazama Rehema miguu, akaviweka chini. Akachukua vya Rehema vilivyoanza kumbana, akanipa mimi. Nilivivaa vikanienea kabisa. Moyo ulinikataa, mimi ndo mkubwa, lakini sikuvivua.

Gauni lilirudi kutoka kwa fundi Alhamisi. Vile vipande vyeusi vilipendeza kweli, ukiliona utadhani lilikuja hivyo dukani. Rehema akalivaa sebuleni na zipu ikapanda kwa mkono mmoja. Akasema limenitosha mama.

Mama akasema sitaki kusikia. Inama. Akainama. Nyanyua mikono, zaidi, mpaka juu. Akanyanyua. Kaa chini kwenye mkeka. Akakaa. Mama akaingia jikoni akatoka na sahani ya chapati na bakuli la maharage ya nazi, akamwekea mbele, akavuta kigoda akakaa upande wa ubavuni kwake ambako mshono ndo unaonekana.

"Haya, kula. Zote. Namwangalia fundi wako hapa."

Rehema akamaliza ya tatu, akaniomba na ya kwangu.