MAKUBALIANO YA KUMALIZA AJIRA

Yamefanyika Dar es Salaam leo, tarehe 27 Juni 2025, kati ya kampuni ya kutoa mizigo bandarini yenye ofisi Kurasini ("Mwajiri") na aliyekuwa Afisa Forodha wake ("Mfanyakazi"), kama wanavyotambulishwa kwenye mkataba wa ajira wa tarehe 4 Machi 2019. Ajira ilikoma tarehe 30 Mei 2025.

1. Malipo
Mshahara ulikuwa Sh. 1,950,000 kwa mwezi, sawa na Sh. 75,000 kwa siku. Mwajiri atalipa:
(a) mshahara badala ya notisi, Sh. 1,950,000;
(b) likizo ya siku 12, Sh. 900,000;
(c) kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka kwa miaka 6 kamili, Sh. 3,150,000;
(d) malipo ya maridhiano, Sh. 5,850,000.

Jumla ni Sh. 11,850,000 kabla ya kukata kodi ya mapato. Vipengele (a) hadi (c) ni haki ya kisheria. Havitegemei Mfanyakazi kusaini makubaliano haya.

2. Muda wa kulipa
Sh. 6,000,000 za vipengele (a) hadi (c) zitaingia benki, kwenye akaunti ya mshahara, kabla ya saa 10 jioni tarehe 4 Julai 2025, yaani kabla ya mapumziko ya Sabasaba. Kipengele (d) kitalipwa kwa awamu mbili za Sh. 2,925,000, tarehe 31 Julai na 29 Agosti 2025. Awamu yoyote ikichelewa zaidi ya siku 5 za kazi, salio lote litadaiwa papo hapo. Mwajiri hatazuia malipo kwa hoja ya fomu ya makabidhiano: kompyuta, simu na laini ya ofisi vimepokelewa leo.

3. Madai yanayoachiliwa
Akishapokea awamu ya mwisho, na si kabla, Mfanyakazi ataondoa shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hatadai tena chochote kuhusu kuachishwa kazi, mshahara, likizo au saa za ziada hadi tarehe 30 Mei 2025. Mwajiri naye anaachilia madai yake yote dhidi ya Mfanyakazi, isipokuwa ya wizi au udanganyifu ambao hakuujua hadi leo. Hayaguswi: michango ya NSSF, fidia ya ajali au ugonjwa wa kazini, cheti cha utumishi, wala haki ya kudai utekelezaji wa makubaliano haya.

4. Usiri
Mfanyakazi hatatoa viwango vya bei vya wateja, nyaraka za mizigo wala nywila za mifumo, na leo atajitoa kwenye makundi yote ya wasap ya kazi. Kiasi kilicholipwa kitabaki siri ya pande zote. Mfanyakazi anaweza kumweleza mwenza wake, mwanasheria, Mamlaka ya Mapato, Tume au mahakama. Hakuna neno humu linalomzuia kuripoti uhalifu au kutoa ushahidi. Ujuzi wake wa forodha ni wake, na yuko huru kuajiriwa popote. Mwajiri akiulizwa atataja cheo na tarehe za utumishi tu.

5. Ridhaa
Mfanyakazi alipewa rasimu kwa Kiswahili tarehe 19 Juni 2025, akashauriana kuihusu na mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, na anasaini kwa hiari. Kila upande una nakala moja. Ya tatu inakwenda Tume. Sheria za Tanzania ndizo zitakazotumika.

Wamesaini: Mkurugenzi Mtendaji kwa niaba ya Mwajiri, Mfanyakazi, mbele ya Wakili na Kamishna wa Viapo.